Ripoti ya kutitia na kuinama kwa jengo lililo kando ya shimo: mwongozo kamili kwa saiti za Mwanza

Ripoti nyingi za namna hii zinazofika mezani kwangu zina kasoro ileile. Kurasa ishirini za namba, zimepangwa vizuri, zimepigwa mihuri, lakini hakuna mstari hata mmoja unaosema kama leo kazi iendelee au isimame. Mwenye jengo la jirani anauliza swali moja tu, "Nyumba yangu imekaaje?", na ripoti haimjibu.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Jengo la ghorofa tatu katikati ya jiji, si mbali na ziwa. Chini ni maduka, juu ni wapangaji. Kiwanja cha pembeni kinachimbwa shimo la mita 7 kwa ajili ya basementi mbili, na ukingo wa shimo uko mita 3 tu kutoka ukutani. Jengo lina mistari minne ya kolamu, A hadi D, iliyoachana mita 4. Mstari A unatazama shimo, D uko upande wa mbali. Kolamu ya katikati katika kila mstari tutaiita A2, B2, C2 na D2.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Levo ya kidijitali na stafu yake ya invari. Dampi levo ya kawaida ya saiti ni nzuri kwa kumwaga zege, lakini hapa tunatafuta nusu milimita, na stafu ya sentimita haikupi hiyo.
- Bolti za chuma kisichoshika kutu, zenye kichwa cha mviringo, na gundi ya kuzishikisha ndani ya zege.
- Kipima mwinamo na mabamba yake ya kubandika ukutani. Kama hakipo, timazi nzito yenye waya mwembamba na ndoo ya oili.
- Vipima ufa vya plastiki, vile vyenye gridi ya milimita.
- Mabomba mawili ya kupimia maji ya ardhini: moja kati ya shimo na jengo, jingine nyuma ya jengo.
- Jedwali la viwango na hatua, likiwa na saini za pande zote. Hiki ndicho kifaa kinachosahaulika kuliko vyote, na kikikosekana hivyo vingine vyote ni mapambo.

## Hatua ya 1: Andika hali ya jengo kabla eneo halijaguswa

Pita chumba kwa chumba ukiwa na mwenye nyumba au mtu wake. Kila ufa upige picha ukiwa na rula pembeni, uandike upana, urefu na uelekeo. Pima pia mwinamo uliopo tayari, kwa sababu nyumba nyingi za zamani hazijanyooka hata kabla hujafika.

Sababu ni rahisi. Siku ugomvi ukizuka, kila ufa utakuwa umeletwa na shimo. Kama huna picha ya jana, huna la kusema leo.

Umefaulu pale mwenye nyumba anaposaini kila ukurasa, na kubaki na nakala yake.

## Hatua ya 2: Tafuta benchimaki isiyocheza

Hapa ndipo Mwanza inapowaumbua wapimaji waliozoea miji mingine. Jiji limejaa mawe ya itale, kwa hiyo mtu anaona jiwe kubwa kama nyumba, anatoboa, anaweka bolti, anasema amepata mwamba. Kumbe mengi ya mawe hayo ni mabonge yaliyobaki baada ya itale iliyoyazunguka kuoza na kuwa udongo wa changarawe. Limekaa juu ya udongo, au limeegemea mwenzake. Kulitazama kwa juu hakukuambii chochote.

Mimi nimewahi kuingia mkenge huo. Niliweka bolti kwenye jiwe ambalo watoto wa jirani walikuwa wanaanikia nguo, nikaliamini kama mlima. Wiki ya sita jengo zima likaonekana limepanda milimita 2, kolamu zote, za karibu na za mbali. Jengo halipandi namna hiyo kando ya shimo. Mafundi bomba walikuwa wamechimba mtaro chini ya lile jiwe, mvua ikanyesha, jiwe likatulia upya. Wiki sita za vipimo zikawa za kujieleza.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma kwanza taarifa ya uchunguzi wa udongo uone mwamba halisi uko kina gani. Desturi ya kuchoronga mita 3 ndani ya jiwe bila kutokea kwenye udongo ni mwanzo mzuri, ila kwa hapa haitoshi peke yake, maana mabonge yenye unene unaozidi huo yapo. Linganisha mashimo mawili au matatu ya kuchoronga. Kama yote yanaugonga mwamba kwenye kina kinachofuatana, hapo unaweza kulala usingizi.

Weka benchimaki tatu, si moja. Zote ziwe mbali na shimo angalau mara tano ya kina chake, yaani mita 35 kwa mfano wetu. Kama pampu zitafanya kazi kwenye mchanga, kushuka kwa maji kunaweza kufika mbali zaidi ya hapo, na ndiyo maana nasisitiza mwamba kuliko umbali.

Onyo: kila siku ya kupima, anza kwa kupima benchimaki zenyewe kwa zenyewe. Tofauti kati yao ikibadilika zaidi ya milimita 1, usiripoti chochote kuhusu jengo mpaka ujue ipi imecheza.

## Hatua ya 3: Funga alama kwenye jengo

Bolti ziingie kwenye kolamu yenyewe, si kwenye plasta, na zikae sentimita 30 hadi 50 juu ya sakafu. Plasta huachana na ukuta kimyakimya, nawe utaandika kwamba jengo limeshuka.

Fuata mistari inayotoka shimoni kwenda mbali: A2, B2, C2, D2. Wengi huweka alama zote upande wa shimo kwa sababu ndiko kunakotisha. Wakifanya hivyo wanajua jengo limeshuka kiasi gani, lakini hawajui limepinda kiasi gani, na kinachopasua kuta ni kupinda. Jengo likishuka milimita 20 kwa usawa, wapangaji hawatajua. Kolamu moja ikishuka milimita 8 na jirani yake ikabaki palepale, milango itaanza kugoma kufunga.

Kwa Mwanza jambo hili lina uzito wa ziada. Msingi mmoja wa jengo unaweza kuwa juu ya jiwe na wa pili, mita 4 tu pembeni, ukawa juu ya changarawe iliyooza.

Mabamba ya mwinamo yabandike kwenye kuta mbili zinazokutana kwa pembe, ili upate kuinama kuelekea shimoni na kuinama kwa upande.

Ongea mapema na wenye maduka. Alama yetu ya B2 ilikuwa nyuma ya magunia ya dagaa. "Shikamoo mama, naomba nipishe hapa kila Jumatatu na Alhamisi alfajiri, dakika kumi tu." Mama mwenye duka akajibu, "Marahaba mwanangu, lakini ukinimwagia dagaa utazinunua." Tulikubaliana aache upenyo wa upana wa mtu mmoja, nikaupaka rangi sakafuni. Alama usiyoifikia ni sawa na kutokuwa nayo.

## Hatua ya 4: Chukua vipimo vya mwanzo, mara tatu

Pima mara tatu kwa siku tofauti, katika muda usiopungua wiki mbili, kabla eskaveta haijaingia wala pampu haijawashwa. Wastani wa hivyo vitatu ndio sifuri yako.

Kwa nini mara tatu? Kwanza, utaona uwezo halisi wa vifaa na mikono yako. Vikitofautiana kwa nusu milimita, basi baadaye usimtishe mtu kwa badiliko la milimita 0.3. Pili, utaona jengo linavyocheza lenyewe kwa jua na mvua. Maji ya ardhini karibu na mwambao hayakai mahali pamoja, hufuata msimu na hufuata ziwa. Wakazi wa mwambao wanaukumbuka mwaka 2020, ziwa lilipopanda mpaka likaingia kwenye viwanja. Kwa hiyo mabomba ya maji yasomwe siku zilezile.

Umefaulu pale kila alama inapotoa namba tatu zisizopishana zaidi ya milimita 0.5.

## Hatua ya 5: Kubalianeni viwango na hatua kabla ya kuchimba

Kaeni mezani watu wanne: mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi mshauri na mwenye jengo la jirani. Shimo likishafunguka, kila mmoja atakuwa na sababu yake ya kuvuta upande wake. Mkandarasi atasema milimita mbili si kitu, na jirani atasema kila ufa ni maafa. Makubaliano ya kabla ndiyo yatakayosema kwa niaba ya wote.

Viwango havitoki hewani. Vinatoka kwenye mambo mawili: jengo linaweza kuvumilia nini, na mbunifu wa ukuta wa shimo alitegemea nini kitokee. Kuhusu uvumilivu, Skempton na MacDonald walichambua majengo 98 mwaka 1956 wakaona kuta za kujazia kati ya kolamu huanza kupasuka pale tofauti ya kushuka inapofika kama 1/300 ya umbali kati ya kolamu. Nafasi ya usalama ikiwekwa, 1/500 ndiyo inayotumiwa na wengi kama ukomo. Kama jengo ni la matofali matupu bila fremu ya zege, au limeshachoka, bana zaidi. Kwenye mfano wetu mbunifu alitegemea mstari A ushuke kama milimita 10.

Tukaweka rangi tatu:

| Kinachopimwa | Njano | Chungwa | Nyekundu |
|---|---|---|---|
| Kushuka kwa alama yoyote | mm 7 | mm 10 | mm 15 |
| Tofauti kati ya kolamu jirani | 1/1000 | 1/750 | 1/500 |
| Kasi ndani ya siku 7 | mm 1 | mm 2 | mm 3 |

Msimamizi wa saiti hafikirii kwa sehemu ya elfu, kwa hiyo mtafsirie. Kolamu zetu zimeachana milimita 4000, basi njano ni tofauti ya milimita 4, chungwa ni 5.3, nyekundu ni 8. Andika namba hizo kwa kalamu nene kwenye ubao wa saiti.

Rangi ya siku ni ile mbaya kuliko zote kati ya mistari mitatu ya jedwali. Hakuna kutafuta wastani wa rangi.

Sasa hatua zenyewe, na hapa usikubali maneno kama "hali itafuatiliwa kwa karibu". Hatua ni kitenzi, mtu na saa.

Njano. Mpima anarudia kipimo siku hiyohiyo ili kuthibitisha. Anampigia mhandisi mshauri ndani ya saa 4. Upimaji unakuwa wa kila siku. Kuchimba kunaendelea, ila mkandarasi anatoa maelezo ya maandishi ya kazi iliyofanyika saa 72 zilizopita.

Chungwa. Kuchimba kunasimama mbele ya jengo kwa urefu wa mita 10 kila upande. Mkandarasi anakamilisha anka au mihimili iliyobaki nyuma ya ratiba. Pampu zinakaguliwa. Pande zote nne zinakutana saiti ndani ya saa 24, na kuchimba kunarudi kwa saini ya mhandisi mshauri tu.

Nyekundu. Kazi yote ndani ya shimo inasimama, watu wanatoka. Udongo unarudishwa kuegemea ukuta. Mhandisi anaamua ndani ya saa 2 kama wapangaji watoke, na Halmashauri ya Jiji inaarifiwa. Lori la kifusi cha kurudishia na nafasi ya kukimwaga viwe tayari tangu siku ya kwanza, maana usiku wa manane hutapata lori la kukodi.

Kwa kila jina weka namba ya simu na ya msaidizi wake.

Onyo: viwango vikishasainiwa, mtu asivipandishe kwa sababu vimefikiwa. Vikibadilishwa, viwe vimebadilishwa na mbunifu kwa hesabu mpya ya maandishi.

## Hatua ya 6: Pima kwa namna ileile kila mara

Alfajiri, kabla ya jua kupiga ukuta. Saa nne asubuhi hewa juu ya lami inacheza kama maji, na ukuta unaotazama mashariki umeshapata joto na kujipinda kidogo. Stafu isizidi mita 30 kutoka kwenye levo, umbali wa nyuma na wa mbele ulingane, na usisome sehemu ya stafu iliyo chini ya nusu mita kutoka ardhini.

Anza kwenye benchimaki, zunguka alama, rudi ulikoanza. Ukomo wa kosa la kufunga tuliukubali kuwa milimita 0.3 mara kipeuo cha pili cha idadi ya vituo. Kwa vituo vinne ni milimita 0.6. Ukizidi, rudia, na usigawanye kosa ili likae vizuri kwenye karatasi.

Kipima mwinamo kisome mara mbili kwenye bamba lilelile, mara ya pili ukiwa umekigeuza nyuzi 180. Mfano, usomaji wa kwanza ni +2.34 na wa pili ni −2.10 milimita kwa mita. Toa wa pili kwenye wa kwanza, gawa kwa mbili, unapata 2.22. Kwa njia hiyo kosa la sifuri la kifaa chenyewe linajifuta. Kwa timazi, tumbukiza bonge lake kwenye ndoo ya oili ili litulie, maana upepo wa ziwa hauna subira.

Rekodi pia kazi ya siku: kina cha shimo, anka zilizofungwa, mvua, saa za pampu, kina cha maji kwenye mabomba. Bila hayo utajua jengo limeshuka bila kujua kwa nini.

## Hatua ya 7: Fanya hesabu, na uangalie tofauti kabla ya kushuka

Siku ya 24 tangu kuchimba kuanza, shimo likiwa mita 4.5, tulipata hivi: A2 imeshuka mm 6.8, B2 mm 1.9, C2 mm 0.7, D2 mm 0.2.

Ukitazama kushuka peke yake, ni kijani, kwa sababu 6.8 haijafika 7. Ukitazama jengo kwa ujumla, kutoka A hadi D, tofauti ni milimita 6.6 kwenye mita 12, sawa na 1/1818. Hata timazi iliunga mkono: juu ya ukuta kulikuwa kumesogea milimita 5 kwenye urefu wa mita 9, yaani 1/1800. Mpima mvivu angefunga faili hapo akaenda kunywa chai.

Sasa chukua kolamu jirani. Kwenye karatasi ya hesabu, A2 ikiwa kisanduku cha `B5` na B2 ikiwa `C5`:

```
=4000/ABS(B5-C5)
```

Jibu ni 816, maana yake 1/816. Hiyo ni njano, tena inakaribia chungwa. Karibu upindaji wote umekaa kwenye mita 4 za kwanza. Taarifa ya udongo ilikuwa na jibu: chini ya msingi wa B2 kulikuwa na jiwe, chini ya A2 changarawe iliyooza. Jengo lilikuwa linavunjikia kwenye ukingo wa lile jiwe kama kijiti gotini.

Siku ya 31 A2 ikafika mm 9.3 na B2 mm 2.1. Tofauti ni 7.2, sawa na 1/556. Kasi ya A2 ni milimita 2.5 kwa siku saba. Chungwa mara mbili, huku kushuka kwenyewe bado kukiwa njano.

Bomba la maji kati ya shimo na jengo lilikuwa limeshuka mita 1.4 ndani ya wiki hiyo. Nilikwenda kwenye mdomo wa pampu nikakinga ndoo moja ya maji, nikaiacha kivulini robo saa. Juu maji yakawa kama chai ya rangi, chini tabaka la mchanga laini la unene wa kidole. Hapo kulikuwa na majibu mawili kwa pamoja: maji yakishuka, uzito unahamia kwenye udongo na udongo unabana, na juu ya hayo pampu ilikuwa inabeba udongo wenyewe kutoka chini ya msingi.

Hatua za chungwa zikafanywa kama zilivyosainiwa. Kuchimba kukasimama, anka mbili zilizokuwa nyuma ya ratiba zikafungwa, kisima cha pampu kikatengenezwa upya kwa kichujio cha kitambaa na kokoto, na kasi ya kuvuta maji ikapunguzwa. Siku zilizofuata A2 ilisoma 9.8, kisha 9.9, kisha 9.9 tena. B2 ikabaki 2.2. Tofauti ya 7.7, sawa na 1/519. Nyekundu ilikuwa milimita 0.3 mbele yetu, umbali mdogo kuliko kosa la kipimo chenyewe, na ndiyo sababu mhandisi hakutoa saini ya kuendelea kabla ya maji kwenye ndoo kutoka meupe siku tatu mfululizo.

Onyo kuhusu usahihi: kila alama ina mashaka ya kama nusu milimita, kwa hiyo tofauti ya alama mbili ina mashaka ya kama milimita 0.7. Ukiwa karibu na kiwango, hesabu kwamba umekifikia.

## Hatua ya 8: Andika ripoti kuanzia mwisho

Ukurasa wa kwanza ubebe uamuzi. Wetu wa siku ya 31 ulisomeka hivi:

> Rangi ya leo: CHUNGWA. Sababu: tofauti ya A2 na B2 ni mm 7.2 (1/556), kasi ya A2 ni mm 2.5 kwa siku 7. Benchimaki zote tatu zimekaguliwa, hazijacheza. Kosa la kufunga mm 0.4. Kinachoshukiwa: pampu inatoa mchanga, maji yameshuka m 1.4. Kuchimba kumesimama saa 3:20 asubuhi. Anayewajibika: msimamizi wa mkandarasi. Kipimo kinachofuata: leo saa 11 jioni.

Mwenye nyumba akisoma hapo anajua hali ya nyumba yake. Hana haja ya kufungua ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili ni mchoro mmoja wa muda. Kushuka kwa A2 hadi D2, kina cha shimo na kina cha maji viwe juu ya mstari mmoja wa tarehe. Usivitenganishe. Macho yakiona maji yanaanguka na A2 inaanguka siku ileile, hakuna anayehitaji kushawishiwa.

Baada ya hapo ndipo yaje majedwali, picha za vipima ufa zikiwa na tarehe, na orodha ya hatua zilizokubaliwa wiki iliyopita, kila moja ikiandikwa imefanyika au haijafanyika. Orodha hiyo huwaudhi watu. Iache.

Kushuka kuandikwe kwa alama moja ripoti zote. Sisi tunaandika hasi. Ripoti moja ikisema −9.3 na inayofuata 9.8, kuna mtu atasema jengo limepanda.

Asaini mpima, na asaini mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mpima asiwe mwajiriwa wa mkandarasi anayechimba.

Onyo: ripoti ya chungwa isisubiri barua pepe ya Ijumaa. Simu kwanza, karatasi baadaye.

## Hatua ya 9: Jua lini uache kupima

Kumwagwa kwa zege la sakafu ya chini si mwisho. Hatari mbili bado zipo: anka au mihimili inapoachiwa, na pampu zinapozimwa maji yakarudi. Pima kila siku katika vipindi hivyo viwili, katikati yake inatosha mara moja kwa wiki.

Funga kazi pale vipimo vitatu vilivyoachana mwezi mmoja mmoja havionyeshi badiliko zaidi ya milimita 0.5, maji yakiwa yamerudi kwenye kina cha mwanzo, na angalau msimu mmoja wa mvua ukiwa umepita juu ya jengo. Kisha rudia ile ziara ya chumba kwa chumba ya hatua ya 1, na picha za zamani mkononi. Kwetu ulipatikana ufa mmoja mpya, kwenye ukuta wa kujazia kati ya A2 na B2, upana wa milimita 0.8, ukipanda kwa mshazari kuelekea kolamu ya A. Uliandikwa, ukalipiwa, ukazibwa. Bolti ya B2 tuliiacha ukutani, na mama akairudishia magunia yake.